Barua pepe niliyoiandikia benki kabla rejesho halijakwama

Biashara ya kushona sare za shule ina msimu mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Mkubwa huanza wiki za mwisho za Novemba, wazazi wanapoanza kuulizia bei, na hufika kileleni Januari shule zinapofunguliwa. Mdogo ni wa Julai, wakati wanafunzi wa kidato cha tano wanaripoti na karatasi za maelekezo zinawataka waende na sare kamili. Katikati ya misimu hiyo mafundi wangu hushona suruali za ofisini, vitenge, mapazia na oda za shule binafsi, ambazo huja bila ratiba na hulipwa bila ratiba.

Mkopo hauna msimu. Wangu ulikuwa unakatwa tarehe 28 ya kila mwezi, kiasi kilekile, iwe Januari duka limejaa watu au Oktoba ambapo naweza kukaa asubuhi nzima na mteja mmoja. Nilikopa shilingi 20,000,000 Oktoba 2023 kwa miezi 24, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na rejesho likawa 998,500 hivi. Kwa hesabu ya mwaka mzima biashara ililimudu. Kwa hesabu ya mwezi mmoja mmoja kulikuwa na shimo, na mwezi Agosti 2024 nililiona likija.

Nimeamua kuiweka hapa barua niliyoandika, pamoja na hesabu iliyo nyuma yake, kwa sababu wafanyabiashara wenzangu wengi hapa Morogoro wanaamini benki huendewa mambo yakishaharibika. Wanaacha kupokea simu za afisa mikopo, wanakopa kwenye simu ili kuziba pengo, mkopo wa simu unaiva kabla ya pengo kuisha, halafu wanaishia kwa wale wa kausha damu wanaochukua kadi ya benki na namba ya siri. Nimeona duka la jirani yangu likifungwa kwa mtindo huo, na biashara yenyewe ilikuwa na wateja.

Shimo lenyewe lilikuwa hivi. Juni na Julai nilishona sare za shule moja ya binafsi kwa makubaliano ya kulipwa nusu wakati wa kupokea na nusu mwezi unaofuata. Thamani ya oda ilikuwa 7,200,000. Walitoa 2,000,000 wakasema iliyobaki wanasubiri ada. Kwa hiyo 5,200,000 zangu zilikuwa zimevaliwa na watoto wa watu, na mimi vitambaa na mafundi nilikuwa nimeshawalipa. Wakati huohuo Septemba hadi Novemba ndiyo miezi ya kununua vitambaa vya msimu wa Januari pale Kariakoo. Asiyenunua mapema hununua Desemba kwa bei ya kugombania, na rangi nyingine hazipatikani kabisa. Kijani cha shule moja si kijani cha shule nyingine, na mwalimu wa zamu anajua tofauti.

Nilikaa na mume wangu usiku mmoja tukaandika miezi mitatu iliyofuata, mmoja baada ya mwingine. Vyanzo vya hesabu vilikuwa vitatu: taarifa ya akaunti ya benki, taarifa ya lipa namba ya simu, na daftari la oda. Nasema hivyo kwa sababu benki ina moja tu kati ya hivyo vitatu. Afisa mikopo anapofungua akaunti yangu anaona kile kinachopita benki, na kwangu wateja wengi wanalipa kwa simu au taslimu. Machoni pake biashara yangu ni ndogo kuliko ilivyo. Ukimwandikia bila kumpa taarifa ya simu, unamwomba aamini fedha ambazo hazioni.

Kanuni tuliyojiwekea ilikuwa kwamba mauzo ya mwezi ujao hayawezi kuwa makubwa kuliko ya mwezi kama huo mwaka uliopita, na deni la shule lisihesabiwe hata shilingi moja. Shule ilikuwa imeniandikia kwamba italipa 1,500,000 mwishoni mwa Oktoba na iliyobaki Januari. Barua hiyo niliithamini, lakini kuila kabla haijawa fedha ndiko kunakoharibu mipango. Tukaacha safu ya deni wazi, tukaona biashara inasimamaje bila hiyo.

Matumizi ya kawaida ya mwezi yalikuwa 1,740,000: kodi ya fremu, mafundi watatu, umeme wa LUKU na ufundi wa vyerehani, nauli na mizigo, na posho yangu ya nyumbani, ambayo nilikuwa nimeshaishusha tangu Julai. Juu yake kuna vitambaa, na Septemba kuna awamu ya kodi ya TRA. Tulipoingiza rejesho kamili, Septemba iliishia na shilingi 11,500 mkononi. Oktoba iliishia na upungufu wa 1,427,000. Novemba upungufu ulifika 2,065,500.

Hiyo Septemba ndiyo iliyonifungua macho. Ningeweza kulipa. Benki ingeona rejesho limeingia, ingeniweka kwenye kundi la wateja wazuri, na mimi ningebaki na 11,500 ya kuanzia Oktoba. Mwezi mmoja baadaye ningekwama kabisa, bila kitambaa, na mtu wa benki angeshangaa kwa haki, maana hakuna alichoambiwa. Mtu akishalipa rejesho kwa fedha ya mtaji wa msimu, amelipa mwezi mmoja na kuiuza miezi sita iliyofuata.

Kwa upande wa benki kuna sababu ya wakati ambayo wakopaji wengi hatuelezwi. Benki zinazofuata kanuni za kimataifa za uhasibu hutumia ile inayoitwa IFRS 9, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2018. Kwa kanuni hiyo, mkopo ukichelewa zaidi ya siku 30, benki inatakiwa kuuchukulia kuwa hatari yake imepanda sana, isipokuwa iwe na ushahidi wa kupinga. Ukifika siku 90 huchukuliwa kuwa umeshindikana. Kadiri unavyoshuka kwenye ngazi hizo, benki hutenga fedha zaidi kutoka kwenye faida yake kufidia hasara inayoweza kuja, na taarifa zako kwenye kampuni za taarifa za mikopo zinaandika ucheleweshaji. Meneja wa tawi anayepokea ombi kutoka kwa mteja asiyechelewa ana nafasi ya kusaidia. Anayepokea ombi hilohilo siku ya 60 anajadili faili ambalo tayari limeshabadilisha mikono.

Jambo la pili lilikuwa kuchagua nini cha kuomba. Wengi huandika "naomba kupunguziwa marejesho" na kuishia hapo, halafu benki inachagua yenyewe, na mara nyingi inachagua kuongeza muda. Mimi nilifanya hesabu ya njia hiyo. Baada ya rejesho la Agosti salio langu lingekuwa 12,524,000 na miezi 14 imebaki. Kama miezi ingeongezwa ikawa 20, rejesho lingeshuka hadi 729,500 hivi. Ni nafuu nzuri kuisikia, lakini haikuniziba shimo, kwa sababu Oktoba nisingekuwa na 729,500 pia. Na Januari, mwezi ambao naweza kulipa kamili bila kuhisi, ningekuwa nalipa pungufu. Kwa jumla riba ingeongezeka kwa karibu 611,000.

Njia niliyoona inafaa ni kulipa riba pekee kwa miezi mitatu. Riba ya salio hilo ni 188,000 hivi kwa mwezi. Mkopo haupungui katika miezi hiyo, na Desemba narudi kwenye rejesho langu la zamani bila kubadilika, ila mkopo unaisha miezi mitatu baadaye. Gharama yake ni riba ya miezi hiyo mitatu, karibu 564,000. Si fedha ndogo. Ni bei ya kuwa na vitambaa dukani Januari, na nilitaka meneja ajue kwamba ninaijua bei hiyo.

Barua ilikwenda tarehe 19 Agosti, kwa meneja wa tawi, nakala kwa afisa mikopo wangu. Nimeondoa namba ya mkopo tu.

Yah: Ombi la kulipa riba pekee Septemba hadi Novemba 2024, mkopo wa biashara

Ndugu Meneja,

Nina mkopo wa biashara wa shilingi 20,000,000 kwenye tawi lako, niliouchukua Oktoba 2023 kwa miezi 24. Marejesho tisa nimelipa kwa tarehe. La kumi, la tarehe 28 Agosti, fedha yake tayari ipo kwenye akaunti. Baada ya hilo salio litakuwa 12,524,000 hivi.

Ninaomba kulipa riba pekee kwa miezi mitatu, Septemba, Oktoba na Novemba, kisha nirudi kwenye rejesho la sasa la 998,500 kuanzia Desemba 2024. Mkopo utaisha Januari 2026 badala ya Oktoba 2025. Ninafahamu kwamba nitalipa riba ya ziada ya karibu 564,000, na kwamba kunaweza kuwa na ada ya kupanga upya mkopo.

Sababu ni mbili. Kwanza, shule moja ninayoishonea inadaiwa 5,200,000 za sare zilizopokelewa Julai. Imeahidi kwa maandishi kulipa 1,500,000 mwisho wa Oktoba na 3,700,000 Januari. Pili, miezi hii mitatu ndiyo ninayonunua vitambaa vya 4,500,000 kwa msimu wa Desemba na Januari. Kwa kawaida oda ya shule ndiyo inayonunua vitambaa hivyo. Mwaka huu haijalipwa.

Nimeandika fedha zitakavyoingia na kutoka bila kuhesabu chochote kutoka shuleni:

Septemba: kianzio 2,100,000, mauzo 2,600,000, matumizi ya kawaida 1,740,000, kodi 450,000, vitambaa 1,500,000. Kinachobaki kabla ya benki ni 1,010,000.

Nikilipa rejesho kamili Septemba nitabaki na 11,500, na Oktoba nitashindwa kulipa. Nikilipa riba pekee, Oktoba itaisha na 194,000 na Novemba 366,000. Hesabu ya miezi yote imeambatanishwa.

Kwa mwaka ulioishia Julai, baada ya matumizi yote na kabla ya marejesho, biashara ilibakiza 14,300,000. Marejesho ya miezi 12 ni 11,982,000. Biashara inaumudu mkopo huu. Tatizo ni miezi ambayo fedha inachelewa.

Madeni yangu mengine ni shilingi 300,000 za kikoba, ninazozilipa kutoka kwenye posho yangu. Sina mkopo wa simu wala wa taasisi nyingine. Posho yangu nimeishusha kutoka 550,000 hadi 400,000 kwa mwezi, na sitashona oda mpya ya shule kwa mkopo mpaka deni hili lilipwe.

Fedha yoyote kutoka shuleni itakayoingia kabla ya tarehe 30 Novemba, nusu yake nitaipeleka kupunguza deni la msingi.

Nimeambatanisha taarifa ya lipa namba ya miezi 12, nakala za daftari la oda, barua ya shule, hati za kupokelea sare zilizosainiwa, na orodha ya vitambaa vilivyopo dukani leo. Ninakaribisha afisa aje akague. Naomba pia kujua ni lini mfumo utaacha kukata rejesho kamili, ili tarehe 28 Septemba isinikute bado haijabadilishwa.

Wako mtiifu,

(jina, biashara, simu)

Sentensi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ile ya mwaka mzima, 14,300,000 dhidi ya 11,982,000. Ndiyo inayojibu swali ambalo kila benki inajiuliza mbele ya ombi kama hili: fedha ya huyu mtu imechelewa, au haipo? Kama mwaka mzima ukijumlishwa hautoshi kulipa marejesho ya mwaka mzima, hakuna miezi mitatu itakayotibu. Unasogeza tu tarehe ya kukwama na kulipia riba ya kusogeza. Mwenye hesabu ya namna hiyo anahitaji mazungumzo mengine kabisa: kuuza cherehani kimoja, kurudisha fremu moja, kuongeza muda kwa kiasi kikubwa ili rejesho lilingane na biashara ilivyo kweli. Kuomba miezi mitatu ya riba ukiwa hapo ni kujiumiza, na afisa mzoefu ataliona kwenye taarifa ya akaunti hata usipomwambia.

Kikoba nacho nilikiandika kwa makusudi. Rafiki yangu mmoja alinishauri nikiache, akasema fedha ya akina mama haionekani popote. Ni kweli haionekani kwenye kumbukumbu za mikopo, lakini mikopo mingine inaonekana, na benki huangalia. Ikikuta deni moja ambalo hukulitaja, hesabu yako yote inaanza kusomwa kwa mashaka, pamoja na zile tarakimu zilizo sahihi. Na shilingi 300,000 zenye maelezo hazimtishi mtu.

Niliacha pia yale maneno ya "kutokana na hali ngumu ya uchumi". Najua ndiyo desturi ya barua zetu. Lakini hali ngumu ya uchumi haina tarehe ya kuisha, na benki haiwezi kuipangia miezi. Deni la shule lina kiasi, lina barua na lina mwezi. Vilevile baadhi ya watu bado wanadhani unafuu wa mkopo ulikuwa jambo la corona, kwa kuwa Mei 2020 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kulegeza masharti kwa mabenki yatakayopanga upya mikopo ya wateja walioathirika. Kupanga upya mkopo kulikuwepo kabla ya hapo na kupo sasa. Hauhitaji janga la dunia, unahitaji sababu inayopimika.

Afisa mikopo alikuja wiki iliyofuata. Kijana mstaarabu, aliniita mama muda wote, na alifanya kazi yake sawasawa. Alihesabu majora ya vitambaa kwenye rafu na kulinganisha na orodha niliyotuma. Alichukua oda kumi hivi kutoka kwenye daftari akazitafuta kwenye taarifa ya lipa namba, moja moja. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama, hii shule ikija kukulipa, italipa wapi?"

Nikamwambia kwenye simu yangu, kama siku zote.

"Kamati ya mikopo ya benki itataka ilipe kwenye akaunti yako ya kwetu. Ukipata barua yao inayosema hivyo, ombi lako litakuwa jepesi zaidi."

Nilikwenda shuleni kesho yake. Mhasibu alisita kidogo, akaona haimgharimu chochote, akaandika. Nashauri mtu aipate barua hiyo mapema na kuiambatanisha tangu mwanzo. Benki haiogopi sana mdaiwa wako anayechelewa. Inaogopa fedha yake ikija itapita pembeni.

Jibu la kamati lilikuja mwanzoni mwa Septemba. Walikubali miezi mitatu, kwa masharti: malipo ya shule yapite kwenye akaunti, nipeleke risiti za EFD za vitambaa kuthibitisha kwamba nafuu imekwenda kwenye mtaji, na bima ya mkopo iongezwe muda wa miezi mitatu. Kulikuwa na ada ya asilimia moja ya salio, 125,000 hivi. Niliomba ikatwe Desemba, wakakataa, ikakatwa Septemba. Kwenye hesabu yangu hiyo iliishusha Oktoba kutoka 194,000 hadi 69,000. Nilisogeza ununuzi wa vitambaa vya 200,000 kutoka Oktoba hadi Novemba, nikachagua vile vya rangi nyeupe na bluu ya bahari ambavyo havikosekani.

Mdhamini wangu ni kaka yangu, na ilibidi asaini upya. Hili watu hulichukulia kama usumbufu wa makaratasi, lakini lina msingi. Kwa sheria yetu ya mikataba, masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, dhamana yake kwa yanayofuata inaweza kuanguka. Kwa hiyo benki haitawasha mpango mpya bila saini yake. Kaka yuko Iringa, na siku za kumsubiri zilitusogeza karibu na tarehe 28 kuliko nilivyopenda. Mdhamini aambiwe siku ileile barua inapokwenda, si siku ya kusaini, na aelezwe kwa hesabu ileile aliyopewa meneja. Yeye ndiye atakayeulizwa wa pili.

Kisha likaja jedwali jipya la marejesho, na hapa naomba anayesoma apunguze mwendo. Mtu akilipa riba pekee, deni la msingi halisogei. Kwa hiyo mwisho wa Novemba salio langu lilipaswa kuwa 12,524,000 ileile. Jedwali nililoletewa lilionyesha 12,712,000 na rejesho la Desemba 1,013,500. Tofauti ya salio ilikuwa 188,000, sawasawa na riba ya mwezi mmoja. Mtu aliyeingiza kwenye mfumo alikuwa ameichukua riba ya mwezi mmoja akaijumlisha kwenye deni, huku mkataba wa nyongeza ukisema nitailipa taslimu. Ningekuwa nailipa mara mbili, na kwa miezi 14 ningelipia riba juu yake. Ongezeko la 15,000 kwenye rejesho ni rahisi kupita bila kuonwa, hasa ukiwa umefurahi kukubaliwa.

Nilimwandikia afisa sentensi tatu: salio la tarehe 28 Agosti, riba ya kila mwezi nitakayolipa, na salio linalopaswa kuwepo Novemba. Sikumtuhumu mtu. Akanipigia mchana wake, akasema ameona, na jedwali lililorekebishwa likaja siku iliyofuata. Nikasaini, kaka akasaini, na tarehe 28 Septemba zikakatwa 188,000.

Oktoba ilikuwa ngumu kama tulivyoiandika. Shule haikulipa 1,500,000 iliyoahidi. Ililipa 900,000, siku za mwisho za mwezi, kwenye akaunti ya benki kama barua ilivyosema. Kwa kuwa hatukuwa tumeihesabu, iliingia kama ziada, na hapakuwa na rejesho lililokuwa likiisubiri. Nusu yake, 450,000, niliipeleka kwenye deni la msingi kama nilivyoandika.

Lakini kupeleka fedha ya ziada kunahitaji maelekezo. Usipoandika inakwenda wapi, mfumo unaweza kuiacha ikae kwenye akaunti na kuikata mwezi unaofuata kama rejesho, na hapo hujapunguza kitu. Niliandika barua pepe fupi: 450,000 ipunguze deni la msingi leo, rejesho libaki 998,500, muda ufupishwe. Niliuliza pia kama kuna tozo ya kulipa mapema. Kwa mkopo wangu haikuwepo. Riba ya Novemba ikashuka hadi 181,000. Rejesho la mwisho, la Januari 2026, likashuka kutoka 998,500 hadi 444,000 hivi.